Kabla Hujatafuna Pipi za Nywele: Jumlisha Kwanza Vitamini A na Seleniamu

Makopo ya pipi za nywele, zile laini za kutafuna zenye umbo la dubu au la moyo, yanafika Mbinga kwa njia mbili. Mtu anaagiza Dar es Salaam kwa WhatsApp na mzigo unakuja na basi kupitia Songea, au ndugu anayerudi likizo anabeba mawili matatu kwenye begi. Yakishafika mjini, mengine yanateremka hadi Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Anayeyanunua mara nyingi ni mtu ambaye nywele zake zimeanza kutoka na anataka dawa ya haraka.

Mwongozo huu unajibu swali moja: je, vitamini zilizomo humo zinaweza zenyewe kutoa nywele? Zinaweza. Wanaotajwa zaidi ni wawili, vitamini A na madini ya seleniamu. Ila kopo moja, likitumiwa kama lebo inavyosema, kwa kawaida halifikishi mtu huko. Anayefika ni yule anayechanganya makopo, anayeongeza idadi, au anayeuziwa kitu kilichotengenezwa vibaya. Ndiyo maana kazi kubwa utakayofanya hapa ni hesabu ya kujumlisha.

Kwa nini kuzidi kunatoa nywele

Kila unywele una kipindi cha kukua, ambacho huchukua miaka, na kipindi cha kupumzika cha miezi michache, kisha unadondoka na mwingine unaota. Ndiyo maana mtu mzima asiye na tatizo lolote hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Vitamini A ikizidi mwilini huharakisha mzunguko huo: nywele nyingi zinaacha kukua kabla ya wakati na kuingia mapumzikoni kwa pamoja, na miezi miwili au mitatu baadaye zinadondoka kwa pamoja. Pengo hilo la miezi ndilo linalowapoteza watu. Anayeona nywele kwenye kitana leo anamlaumu aliyemsuka wiki iliyopita, wakati chanzo kilianza zamani.

Tofauti na vitamini C, ambayo ikizidi hutoka na mkojo, vitamini A huhifadhiwa kwenye ini. Ukizidisha kidogo kila siku, akiba inapanda taratibu bila wewe kusikia chochote, mpaka ijae.

Hapa kuna jambo la kuelewa vizuri. Vitamini A ya karoti, maembe, maboga na mboga za majani huja kama beta-karotini, na mwili hubadilisha kiasi unachohitaji tu. Hiyo haikuletei sumu ya vitamini A, hata ukila maembe msimu mzima. Inayoweza kuzidi ni ile iliyokwisha tengenezwa, yaani retinoli, iliyomo kwenye maini, mafuta ya ini la samaki na vidonge vingi.

Seleniamu ina njia yake. Mwili unaihitaji kwa kiasi kidogo mno, mikrogramu 55 kwa siku kwa mtu mzima, na nafasi kati ya kinachotosha na kinachodhuru ni finyu. Ikizidi, unywele unakuwa dhaifu na kukatika karibu na ngozi, na kucha zinaathirika pamoja nao. Katika eneo la Enshi, mkoa wa Hubei nchini China, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijiji vilivyokula mazao ya udongo wenye seleniamu nyingi vilipata watu wengi waliopoteza nywele na kucha.

Tukio lililo karibu zaidi na suala letu ni la Marekani mwaka 2008. Kinywaji cha virutubisho kiliuzwa kikiwa na seleniamu karibu mara 200 ya ile iliyoandikwa kwenye lebo. Watu 201 katika majimbo 10 waliugua, na katika kila kumi, saba hivi walipoteza nywele. Hao hawakuzidisha dozi. Walifuata lebo, na lebo ndiyo iliyokuwa na kosa. Kama hilo lilitokea kwa bidhaa yenye lebo na kiwanda kinachojulikana, fikiria kopo lisilo na jina la mtengenezaji.

Kisanduku: vikomo vya kukumbuka, mtu mzima kwa siku

- Vitamini A (retinoli): mahitaji ni mcg 700 kwa mwanamke na 900 kwa mwanaume. Kikomo cha juu ni mcg 3,000, sawa na IU 10,000.
- Seleniamu: mahitaji ni mcg 55. Kikomo cha juu Marekani ni mcg 400. Ulaya walikishusha mwaka 2023 hadi mcg 255, na sababu yao kuu ilikuwa hiyohiyo, nywele kutoka.
- Kubadilisha vipimo: IU ya retinoli zidisha kwa 0.3 upate mcg. Miligramu moja, mg 1, ni mcg 1,000.

Mimi ningefuata kikomo cha Ulaya kwa seleniamu. Kimetokana na utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada ambamo wanaume walimeza mcg 200 za ziada kila siku kwa miaka, na kupoteza nywele kukajitokeza zaidi kwao kuliko kwa wenzao ambao hawakupewa seleniamu. Tena mcg 200 ni kiasi cha kawaida kabisa kwenye kidonge kimoja cha dukani.

Na chakula chetu je?

Kabla ya kuongeza kitu chochote, angalia sahani. Watafiti waliopima damu za watu wa Malawi, ng'ambo ya ziwa hilihili, walikuta upungufu wa seleniamu umeenea, kwa sababu mahindi ya udongo wenye tindikali hubeba kidogo mno. Lakini wanaoishi karibu na ziwa walikuwa na hatari ndogo zaidi, na maelezo yanayokubalika ni samaki. Basi kama uko Liuli na dagaa au mbasa hawakosekani nyumbani, kidonge cha seleniamu hakikuongezei kitu. Aliyeko juu, upande wa Umatengo, ambaye mboga yake ni maharage na majani, anaweza kuwa na kidogo zaidi, na kwake dagaa wakavu wa sokoni wanafanya kazi hiyo bila hatari ya kuzidisha.

Kwa vitamini A, chakula cha kuhesabu ni maini. Kipande cha maini ya ng'ombe cha gramu 85, yaani kama kiganja bila vidole, kina mcg 6,500 hivi, zaidi ya mara mbili ya kikomo cha siku. Mtu asiye mjamzito akila mara moja kwa wiki hana tatizo, maana ini lake lina siku nyingine sita za kutumia. Mwenye shida ni anayekula maini mara nyingi kwa wiki na huku anameza vidonge vyenye retinoli. Mafuta ya kupikia ya viwandani nayo huongezwa vitamini A kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011, ila kiasi chake ni kidogo, usiyaogope.

Hatua za kujumlisha

1. Kusanya mezani kila unachomeza au kutafuna: pipi za nywele, multivitamini, mafuta ya ini la samaki, poda ya kuchanganya na uji, vidonge vya kinga, vya ngozi, vya kucha. Usiache kitu kwa kuwa kinaitwa cha asili.

2. Geuza kopo usome jedwali nyuma. Anza na mstari wa juu unaosema dozi moja ni pipi ngapi. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa namba zote zilizo chini ni za dozi hiyo, na mara nyingi dozi ni pipi mbili, si moja.

3. Andika kiasi cha vitamini A na cha seleniamu kwenye daftari. Angalia na aina ya vitamini A. Neno likianza na herufi RETIN, ni ile inayozidi, ihesabu yote. Ikiwa imeandikwa beta-karotini peke yake, usiihesabu kwenye kikomo. Isipoandikwa aina, ichukulie kuwa ni retinoli.

4. Zidisha kwa idadi unayokula kweli, si unayotakiwa kula. Hakuna anayekukagua. Pipi ni tamu na mkono unarudi koponi.

5. Badilisha IU kuwa mcg, kisha jumlisha kila safu na ulinganishe na kisanduku cha juu.

Mwambao una tatizo lake la ziada, joto. Kopo lililokaa siku nzima kwenye buti la basi linafika Mbamba Bay pipi zikiwa zimeyeyuka na kugandana bonge moja. Ukikata kipande kwa kisu, hujui umekula mbili au tano, na hesabu yako yote haina maana tena. Bonge hilo litupe. Litupe chooni au lifukie, usiliache mtoto aokote, kwa kuwa kwake hiyo ni pipi kama pipi nyingine.

Mfano uliokokotolewa

Tumchukue mama wa mfano anayeishi Mbamba Bay. Mtoto ana miezi tisa na bado ananyonya. Nywele zilianza kutoka mtoto alipofika miezi mitatu, jambo la kawaida baada ya kujifungua ambalo hupungua lenyewe. Yeye hakuambiwa hivyo. Mtoto alipofika miezi minne akaanza vitu vinne:

- Pipi za nywele. Lebo inasema pipi 2 zina vitamini A IU 5,000 na seleniamu mcg 100. Yeye anakula 4, akiamini zitaharakisha. Hiyo ni IU 10,000, yaani mcg 3,000 za vitamini A, na mcg 200 za seleniamu.
- Multivitamini, kidonge 1: vitamini A mcg 750, seleniamu mcg 55.
- Kidonge cha kinga chenye zinki na seleniamu: seleniamu mcg 200.
- Mafuta ya ini la samaki, kapsuli 2 za IU 1,250 kila moja: IU 2,500, yaani mcg 750 za vitamini A.

Jumla ya vitamini A ni 3,000 + 750 + 750 = mcg 4,500. Amepita kikomo kwa nusu yake. Seleniamu ni 200 + 55 + 200 = mcg 455. Amepita hata kikomo cha Marekani, na bado hatujaweka samaki wa kila siku.

Tazama sasa ratiba ya nywele zake. Mtoto alipofika miezi sita zilikuwa zimepungua kutoka, kama ilivyotarajiwa. Mwezi wa saba zikaanza upya, safari hii pamoja na midomo inayopasuka hata akipaka mafuta, na michirizi myeupe kwenye kucha. Kutoka kwa mara ya kwanza ni kwa uzazi. Kwa mara ya pili, ambako kumekuja miezi mitatu baada ya kuanza makopo na kuja na dalili nyingine, makopo yenyewe ndiyo ya kushukiwa kwanza. Naye yumo hatarini kuyaongeza, kwa sababu anaona tatizo limerudi.

Afanye nini? Aache vyote vinne siku moja, aandike tarehe, kisha aende kituo cha afya na makopo yenyewe mkononi, hasa kwa kuwa vitamini A hupita kwenye maziwa. Asipunguze kimojakimoja ili kupeleleza ni kipi, maana kila jaribio lingechukua miezi. Midomo huanza kutulia ndani ya wiki kadhaa. Nywele zitaendelea kutoka kwa miezi miwili au mitatu hata baada ya kuacha, kwa kuwa zilizokwisha ingia mapumzikoni lazima zidondoke. Zinazoota upya hukua chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, hivyo asipime matokeo kwa kioo cha wiki ya pili.

Kisanduku: dalili zinazoelekeza kwenye kuzidi

Vitamini A: midomo mikavu inayopasuka, ngozi kavu inayowasha, nyusi nazo kupungua, maumivu ya kichwa, maumivu ya mifupa na maungo.

Seleniamu: pumzi yenye harufu ya kitunguu saumu wakati hujala, ladha ya chuma mdomoni, kucha zenye michirizi, zinazokatika au kung'oka, kuhara, uchovu.

Nenda hospitali bila kusubiri, iwe Litembo, Liuli, hospitali ya wilaya au iliyo karibu nawe, ukiona: kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, macho kuwa ya njano, kutapika kusikokoma, au mtoto amekula pipi nyingi kwa mpigo.

Kama jumla yako iko chini ya kikomo

Basi makopo hayana kesi, tafuta kwingine. Rudi nyuma miezi miwili hadi minne na ujiulize kilichotokea: uzazi, malaria kali au homa nyingine ya siku nyingi, upasuaji, kupungua uzito haraka, kuacha vidonge vya uzazi wa mpango. Kila kimoja kinaweza kutoa nywele kwa mtindo uleule wa kuchelewa.

Angalia na unywele wenyewe. Wenye kinundu cheupe mwishoni umetoka mzima kwenye ngozi. Usio na kinundu umekatika, na hapo shuku dawa ya kulainisha, joto la pasi ya nywele au kuchana kwa nguvu. Zikiwa zimepungua pembeni tu, juu ya masikio na kwenye paji, ni mvuto wa rasta na misuko ya kubana, na hakuna pipi itakayozirudisha kama msuko hautalegezwa.

Halafu kuna damu. Upungufu wa madini ya chuma ni sababu ya kuangaliwa mapema kwa mwanamke mwenye hedhi nzito au aliyezaa karibukaribu. Sasa soma tena jedwali la kopo lako: pipi nyingi za kutafuna hazina madini ya chuma kabisa, kwa kuwa yanaharibu ladha na ni hatari kwa watoto. Unaweza kutafuna mwaka mzima na kirutubisho ulichopungukiwa kisiwemo. Omba kupimwa wingi wa damu. Kipimo cha akiba ya chuma, feritini, ni bora zaidi, na kisipopatikana kituoni kwako, uliza hospitali kubwa ya Songea.

Tahadhari nne ambazo hazihitaji hesabu

*Una mimba au unaitafuta.* Usitumie pipi wala vidonge vyenye retinoli kwa ajili ya nywele, na acha maini. Retinoli nyingi katika miezi mitatu ya kwanza inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Vidonge vya FEFO vya kliniki endelea navyo, hivyo havina vitamini A.

*Unatumia dawa kali za chunusi za jamii ya retinoidi.* Zenyewe ni ndugu wa vitamini A na zinaweza kutoa nywele. Usiziongezee kopo.

*Unatumia ARV zenye dolutegravir.* Multivitamini zenye chuma, kalsiamu, zinki au magnesi zinaweza kuzuia dawa isiingie vizuri mwilini. Mwonyeshe mhudumu wa CTC kopo lako, akupangie saa.

*Una kipimo cha damu.* Pipi za nywele hubeba biotini nyingi, mara nyingi mcg 5,000 wakati mtu anahitaji kama mcg 30. Biotini hiyo huvuruga baadhi ya vipimo vya tezi la shingo na cha mshtuko wa moyo. Mwambie daktari kabla damu haijachukuliwa. Akisema uache siku chache kwanza, acha.

Neno la pembeni kwa wazazi, maana hofu ya vitamini A isije ikavuka mpaka. Matone ya mwezi Juni na Desemba kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 ni jambo jingine. Ni dozi kubwa moja, IU 100,000 kwa walio chini ya mwaka na 200,000 kwa waliofikisha mwaka na kuendelea, kisha kinapita kipindi cha miezi sita. Mpeleke mtoto. Usichopaswa kufanya ni kumpa pipi za watu wazima nyumbani.

Ukiwa dukani

"Kaka, naomba nishike hilo kopo nisome nyuma."

"Dada, hili linauzwa sana, mbele limeandikwa kila kitu."

"Sawa, ila mbele hapajaandikwa kiasi."

Ukikataliwa kusoma, ondoka. Ukisoma, rudisha kopo rafuni ikiwa:

- hakuna jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo au tarehe ya kuisha;
- limeandikwa "mchanganyiko maalumu" bila kiasi cha kila kitu;
- dozi moja ina seleniamu mcg 200 au zaidi;
- dozi moja ina retinoli IU 5,000 au zaidi na wewe tayari unameza multivitamini;
- utepe wa kufungia umekatwa, au pipi zimegandana.

Aliyekwisha pata madhara asiyatupe makopo. Tangu 2019 vyakula na vipodozi viko chini ya TBS, na dawa chini ya TMDA. Peleka kopo lenye namba ya toleo kituo cha afya, umwombe mhudumu ajaze fomu ya njano ya TMDA ya madhara ya dawa, naye atajua kama suala lenyewe linapaswa kwenda TBS. Bila namba ya toleo hakuna anayeweza kulifuatilia kopo hilo hadi lilikotoka.